Mizani imeshagezwa, meneja anataka kasoro ifungwe. Mkaguzi wa ndani nisaini au niache wazi?

BintiKinu · 28 Mei

Habari za jioni wakuu. Wale wa mifumo ya ubora na ISO 9001 naombeni mchango wenu, maana huku kazini tumegawanyika.

Niko kiwanda cha kusaga unga wa mahindi, tunafungasha zaidi pakiti za kilo 2. Aprili tulifanya ukaguzi wa ndani na mimi nikapangiwa ufungashaji. Tuna laini mbili. Laini B nikakuta mizani ya mezani ambayo mwendeshaji anapimia pakiti kila saa ili ajue kama mashine inajaza sawasawa. Stika yake ya ugezi ilikuwa imeisha muda tarehe 15 Machi, na mimi nilikuwa pale tarehe 22 Aprili. Nikaagiza jiwe la kilo 2 kutoka maabara, tukaliweka juu, ikasoma gramu 2,012. Tukarudia, jibu lile lile.

Nikaandika kasoro. Uzalishaji wakaiondoa mizani siku hiyo hiyo, ikaenda maabara ya ugezi, imerudi na cheti na stika mpya. Kwenye fomu, penye chanzo wameandika "mhusika alisahau kupeleka mizani kwa wakati". Penye hatua wameandika "mizani imegezwa na mhusika ameonywa kwa mdomo". Meneja uzalishaji anasema nisaini tufunge, kwa sababu wakaguzi wa nje wanakuja Septemba na hataki wakute fomu iko wazi.

Nasita, ila sina pa kusimamia. Mizani kweli iko sawa sasa, nimeijaribu mwenyewe. Nisaini?

MhasibuMstaafu · 28 Mei

Binti, umekosea njia tangu mwanzo. Mkaguzi wa ndani haripoti kwa meneja uzalishaji. Unaripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, na meneja hana mamlaka ya kukuambia usaini nini. Halafu sijaona ukisema umepitia vocha. Hiyo mizani ilinunuliwa lini, kwa fungu gani, nani aliidhinisha? Anzia hapo.

BintiKinu · 28 Mei

Shikamoo mzee. Huu si ukaguzi wa hesabu, ni ukaguzi wa mfumo wa ubora. Sisi wakaguzi ni wafanyakazi wa idara mbalimbali, tunakagua idara za wenzetu kisha tunarudi kwenye kazi zetu. Bodi hatuifikii.

Jembe_la_Shifti · 28 Mei

Dada saini, usijitafutie lawama. Kiwango kinatoa siku 30 za kufunga kasoro na wewe umeshapitisha. Cheti kipo, stika ipo, mizani inasoma vizuri, sasa unasubiri nini? Mkaguzi wa nje akikuta iko wazi tangu Aprili atakupa kasoro kubwa juu ya hiyo.

Na kama hiyo mizani ina chapa ya Wakala wa Vipimo hata hiyo kasoro yenyewe haikuwepo.

MzeeRejista · 28 Mei

Jembe, siku 30 umezitoa wapi? ISO 9001 kifungu 9.2 kinataka hatua zichukuliwe bila kuchelewa kusiko na sababu, basi. Hakitaji siku. Siku 30 au 60 au 90 zinatoka kwenye utaratibu wa kampuni yenyewe au kwenye masharti ya taasisi inayotoa cheti. Na fomu iliyo wazi, yenye mpango, jina la mtu na tarehe, haijawahi kuniudhi hata siku moja ninapokagua viwanda vya watu. Kinachoniudhi ni fomu iliyofungwa halafu natembea dakika kumi nakuta kitu kile kile mlango wa pili.

BintiKinu, usisaini bado. Ulichoonyeshwa ni kwamba mizani moja imetengenezwa. Hicho ni kitu cha kwanza tu ambacho kifungu 10.2 kinadai. Nijibu mambo mawili kabla hatujaendelea. Huyo "mhusika" aliyesahau, ni kitu gani kilitakiwa kumkumbusha? Na mizani hiyo ina namba gani kwenye rejista yenu ya vifaa vya kupimia?

BintiKinu · 29 Mei

Mzee, nimekwenda kuangalia asubuhi hii. Haina namba.

Rejista ina mizani namba 1 ya laini A na namba 2 ya laini B. Namba 2 iliharibika mwaka jana, manunuzi wakaenda dukani wakanunua nyingine kwa pesa ya matumizi madogo ili laini isisimame. Stika ile ilikuwa ya muuzaji, ilikuja nayo ikiwa na cheti chake. Kwenye rejista namba 2 bado inasomeka inatumika. Mhusika ni mimi na mwenzangu mmoja wa idara ya ubora, na kinachotukumbusha ni hiyo rejista kwenye kompyuta, inageuka nyekundu tarehe ikikaribia. Kwa hiyo mizani hii isingetukumbusha kamwe.

MhasibuMstaafu · 29 Mei

Vocha. Nilisema.

MzeeRejista · 29 Mei

Mzee mwenzangu leo umetupiga bao, nakubali.

Sasa umeona kwa nini "alisahau" si chanzo. Mtu hawezi kusahau kitu ambacho hakuwahi kuambiwa kipo. Ungesaini ile fomu, onyo la mdomo lingekuwa limempata mtu asiye na hatia, na mizani nyingine ikinunuliwa kesho kwa haraka ingepita mlango ule ule. Kila ukiona kwenye fomu neno "alisahau", "uzembe" au "atapewa mafunzo upya", uliza swali moja zaidi. Mara nyingi ukiuliza unatoka kwa mtu unaingia kwenye mfumo, na mfumo ndio tunaokagua.

Ila kuna kitu hujakigusa bado, na kwangu ndicho kizito kuliko stika. Mizani ilikuwa inaongeza gramu 12. Maana yake pakiti iliyosoma 2,000 ilikuwa na gramu 1,988. Mwendeshaji anairekebisha mashine kwa kufuata mizani, kwa hiyo mizani ikidanganya, mashine nayo inapunguza. Unga huo umekwenda wapi?

DadaMaabara · 29 Mei

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo. Mimi ni wa maabara ya hospitali, kiwango chetu ni ISO 15189, lakini hapa tunafanana. Kwenye 9001 ni kifungu 7.1.5.2, mwisho kabisa, mstari ambao watu wanauruka: kifaa kikikutwa hakifai, lazima utazame kama vipimo vilivyopita vimeharibika, na uchukue hatua inayostahili. Ugezi mpya unakuhakikishia vipimo vya kuanzia leo. Haukuambii chochote juu ya vya Machi.

BintiKinu, mnatunza sampuli za akiba? Na mnajaribu mizani kwa jiwe kila asubuhi?

Na Jembe, kuhusu chapa ya Wakala: kiwango kinasema kifaa kigezwe au kihakikiwe au vyote viwili, kwa hiyo kwa upande wa kiwango umekaribia. Lakini kama utaratibu wao wenyewe unasema ugezi wa maabara kila miezi sita, wanakaguliwa kwa walichoandika. Chapa inakwambia siku ile mizani ilikuwa ndani ya kiasi kinachoruhusiwa kisheria. Cheti cha ugezi kinakupa kosa lenyewe kwa gramu kwenye kila uzito uliojaribiwa. Zote zina kazi yake.

Fundi_Maskati · 30 Mei

Salaam kutoka Maskati. Mimi niko karakana ya mabomba, kasoro kama hiyo kwetu ilikuwa geji za presha. Zilikuwa zinakutwa kwenye droo za mafundi bila stika, kila ukaguzi. Tulichofanya tukabandika stika nyekundu "si ya kupimia" kwenye geji zote za kuangalizia tu, na kasoro ikaisha. Jaribuni hivyo, bandikeni stika nyekundu kwenye hiyo mizani iwe ya kukadiria tu.

MzeeRejista · 30 Mei

Fundi, kwa geji ambayo kweli hakuna uamuzi unaotegemea namba yake, sawa. Lakini hii mizani ndiyo inayoamua pakiti itoke au isitoke. Stika nyekundu haiwezi kuibadilisha kazi yake.

KijanaThika · 30 Mei

Hamjambo wakubwa, mimi niko Thika, tunatengeneza vifungashio, na nimepewa ukaguzi wa ndani wa kwanza mwezi ujao. Nauliza tu, kuna mtu ana cheklisti nzuri ya 9001 iliyokamilika anirushie? Nimepata moja mtandaoni iko na maswali karibu mia tatu lakini naona kama ni kiwango chenyewe kimewekewa alama ya kuuliza.

MzeeRejista · 30 Mei

Umeiona vizuri kijana. Hiyo itupe. BintiKinu, hebu tuwekee hapa mstari wa cheklisti yako uliokupeleka kwenye ile mizani.

BintiKinu · 30 Mei

Unasema hivi: "Je, vifaa vya kupimia vimegezwa kwa vipindi vilivyopangwa? Ndiyo / Hapana." Ila sikuipata kwa mstari huo. Nilikuwa nimesimama namsubiri supavaiza, nikaisoma stika.

MzeeRejista · 30 Mei

Ndiyo maana nimeuliza. Kwa mstari huo ungekaa ofisini, ungefungua rejista, ungeona zote za kijani, ungeweka tiki kwenye Ndiyo. Na usingekuwa umedanganya! Mizani mbovu ilikuwa nje ya rejista, kwa hiyo swali linaloanzia kwenye rejista haliwezi kuipata.

Mimi mstari huo ningeuandika hivi: "Tembea laini A na B, mapokezi na stoo. Chagua mwenyewe vifaa vitano vinavyotumika kuamua jambo. Andika namba, mahali, tarehe ya stika. Kisha nenda kwenye rejista, tafuta kila kimoja, fungua cheti, soma kosa lililoandikwa ulilinganishe na kiasi mnachokiruhusu. Baadaye geuza: chagua vitano kwenye rejista, nenda ukaviguse." Njia ya kwenda inakamata kifaa kisichosajiliwa. Ya kurudi inakamata kilichosajiliwa ambacho hakipo, kama ile namba 2 yenu.

Kijana, kwa ukaguzi wako wa kwanza maswali kumi na tano ya namna hiyo yanakutosha kwa idara moja. Acha nafasi kubwa upande wa kulia ya kuandika ulichokiona, kwa namba na tarehe. Cheklisti yenye tiki peke yake, ukirudi mezani jioni huna ushahidi wowote wa kuandikia. Na usimwachie mwenye idara akuchagulie sampuli, hata akiwa rafiki yako. Hasa akiwa rafiki yako.

KijanaThika · 30 Mei

Hapo nimekupata, asante sana. Na kuiandika kasoro yenyewe? Mimi ningeandika tu "mizani haijagezwa".

DadaMaabara · 31 Mei

Ukiandika hivyo watakujibu "imegezwa", mchezo umeisha. Ndicho kilichompata BintiKinu. Lazima msomaji aone takwa, aone ulichokuta, aone pengo liko wapi. Mimi ningeandika hivi:

"Utaratibu wa vifaa vya kupimia na kifungu 7.1.5.2 vinataka kila kifaa kinachotumika kuthibitisha bidhaa kitambuliwe na kigezwe kwa kipindi kilichopangwa. Tarehe 22 Aprili, laini B, mizani ya mezani inayotumika kupima pakiti za kilo 2 kila saa haikuwa na namba ya utambuzi, haikuwemo kwenye rejista, na stika yake iliisha 15 Machi. Ilipojaribiwa kwa jiwe la gramu 2,000 ilisoma gramu 2,012. Utaratibu wa kuingiza vifaa vipya kwenye udhibiti haukufanya kazi kwa kifaa hiki."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayombana anayejibu. Hawezi kujibu kwa stika mpya. Halafu usiandike chanzo wala dawa, hiyo ni kazi ya mwenye idara. Ukimwandikia dawa, itakuwa dawa yako na siku ya kuithibitisha utakuwa unajikagua.

Na hapo nina swali ambalo BintiKinu hatalipenda. Amesema rejista anatunza yeye na mwenzake. Sasa nani anakagua rejista?

Jembe_la_Shifti · 31 Mei

Hahaha hapo dada umekamatwa. Kiwango kimeandika wazi, mkaguzi asikague kazi yake.

MzeeRejista · 31 Mei

Kiliandika, toleo la 2008. Toleo la 2015 sentensi hiyo haimo tena, limebaki takwa la wakaguzi kuchaguliwa kwa namna inayolinda ukweli na kutopendelea. Waliilegeza, nadhani, kwa ajili ya kampuni za watu wanne. Lakini hoja ya DadaMaabara imesimama. Alikagua ufungashaji, si idara ya ubora, kwa hiyo kasoro ni halali. Kuithibitisha sasa, wakati chanzo kimeangukia kwenye rejista yake mwenyewe, apewe mtu mwingine. Wa stoo, wa utawala, yeyote anayejua kusoma cheti.

BintiKinu · 31 Mei

Sijachukia, ni kweli. Nitamwomba mkaguzi mwenzangu wa idara ya mauzo athibitishe, mimi nibaki kama mwenye hatua upande wa rejista.

DadaMaabara, sampuli za akiba tunazo: pakiti moja kwa kila laini kwa kila siku ya kazi, tunatunza miezi mitatu. Jaribio la jiwe la asubuhi lipo pia, lakini fomu yake imechapwa majina ya mizani kutoka kwenye rejista. Hii haikuwa ikijaribiwa.

DadaMaabara · 31 Mei

Basi una hazina. Pima sampuli zote za laini B kwa mizani namba 1, kuanzia ya zamani kabisa. Ila pima na za laini A za siku zile zile, usiache. Pakiti ya karatasi iliyokaa stoo inapoteza unyevu na kupungua, kwa hiyo ukiangalia B peke yake hutajua kilichopungua ni mizani au ni kukauka. A na B zilikauka pamoja. Tazama tofauti kati yao, tena kwa wastani wa wiki, maana pakiti moja moja zinaruka-ruka.

BintiKinu · 11 Juni

Wakuu nimerudi. Imetuchukua muda kwa sababu meneja alitaka kwanza aelezwe kwa nini tunapima unga wa zamani.

Wiki ya mwisho ya Februari A na B ziko sawa, tofauti ya gramu moja au mbili. Kuanzia wiki ya pili ya Machi, B iko chini ya A kwa gramu 9 hadi 13, wiki zote mpaka 22 Aprili. Kumbukumbu za kila saa za laini zote mbili zinaonyesha wastani wa gramu 2,008. Kwa hiyo B kwa uhalisia ilikuwa inatoka na kama gramu 1,996. Hakuna sampuli iliyokuwa chini ya 1,980.

Nikawauliza shifti ya usiku. Supavaiza akasema mwanzoni mwa Machi kiroba kiliangukia ile mizani, wakaiwasha upya, ikaanza na sifuri, wakaendelea. Hakuna aliyeandika popote.

MzeeRejista · 11 Juni

Tulia usome tena ulichoandika. Kiroba kimeanguka mwanzoni mwa Machi. Stika ilikuwa inaisha tarehe 15.

Maana yake mizani ilianza kudanganya ikiwa na stika halali. Hata kama ingekuwa kwenye rejista na mngeipeleka kwenye ugezi tarehe 14 kwa heshima zote, ingekuwa imeshapunja wiki nzima. Chanzo cha stika kuisha ni manunuzi kupita nje ya rejista. Chanzo cha unga kupungua bila mtu kujua ni mizani kutokuwemo kwenye jaribio la jiwe la asubuhi, na watu kutokuwa na mahali pa kuripoti kifaa kilichopata ajali. Sifuri haikusaidii: mizani iliyogongwa inaweza kurudi sifuri vizuri kabisa ikiwa tupu halafu ikakosea ikibeba kilo 2. Ndiyo maana mnajaribu kwa jiwe lenye uzito ule ule mnaoupima.

Kwa hiyo hatua zenu ziwe na miguu yote. Stoo isitoe kifaa chochote cha kupimia mpaka ubora wakipe namba. Fomu ya asubuhi ijazwe kwa kilichopo mezani, si kwa majina yaliyochapwa. Kifaa kikianguka au kikigongwa, jiwe kwanza, kazi baadaye.

Jembe_la_Shifti · 11 Juni

Mimi niulize la kijasiri. Gramu 4 kwenye kilo 2! Nani atajua? Mnataka mrudishe unga wa miezi miwili sokoni kwa gramu 4?

DadaMaabara · 12 Juni

Mwongozo wa bidhaa zilizofungashwa, OIML R 87, unatazama mambo mawili hapo. Pakiti moja ya kilo 2 inahesabiwa mbovu ikipungua zaidi ya gramu 30; ya kwake hakuna. Lakini wastani wa shehena nao usiwe chini ya uzito ulioandikwa, na hapo yuko chini. Kwa hiyo si "nani atajua". Kiwango hakikulazimishi kurudisha unga sokoni, kinakulazimisha uamue na uandike umeamuaje. Binafsi ningewauliza Wakala wa Vipimo kabla hawajaja wao.

MzeeRejista · 12 Juni

Mimi ningeanza na unga ulio stoo: upimwe upya, uliopungua ufunguliwe uingizwe tena kwenye mashine. Ulioliwa umeliwa. Kwenda Wakala ni uamuzi wa menejimenti, si wa mkaguzi wa ndani. Mpelekee mkurugenzi karatasi moja yenye namba hizo.

BintiKinu · 12 Juni

Unga wa kipindi hicho stoo haupo tena, umeshauzwa wote. Mkurugenzi amepewa karatasi. Hajajibu.

Swali langu linabaki: hatua zimeanza kutumika tarehe 10 Juni. Tufunge lini?

Jembe_la_Shifti · 12 Juni

Utaratibu umesainiwa, fomu mpya ipo, watu wamefundishwa. Leo.

MzeeRejista · 12 Juni

Hayo yote ni ushahidi kwamba hatua imefanyika. Kifungu 10.2 kinataka pia mpitie kama imefaa. Huwezi kujua kama mlango unafungwa mpaka mtu ajaribu kupita. Subiri mpaka angalau kifaa kimoja kipya kinunuliwe. Mthibitishaji wako achukue hati za kupokea mali za stoo tangu 10 Juni, achague zote za vifaa vya kupimia, alinganishe tarehe ya kutolewa stoo na tarehe ya kupewa namba. Namba ikitangulia, imefaa. Halafu arudie kutembea sakafuni, kama siku ya kwanza.

DadaMaabara · 12 Juni

Na kama hawanunui kitu mpaka mwakani? Hapo sikubaliani na kuacha fomu wazi milele. Mimi hufunga sehemu ya utekelezaji, naiweka sehemu ya ufanisi kwenye ukaguzi unaofuata ikiwa na tarehe.

MzeeRejista · 12 Juni

Ukishafunga nusu, nusu ya pili haiangaliwi. Nimeliona mara nyingi mno.

BintiKinu · 19 Agosti

Nimefufua uzi wangu. Mwenzangu wa mauzo amefanya uthibitisho wiki hii. Stoo amekuta hati mbili: mizani moja na kipimajoto kimoja. Vyote vilipewa namba kabla ya kutoka. Fomu za asubuhi za Julai ziko kamili, na kuna siku moja mizani namba 1 ilisoma gramu 2,004 wakaisimamisha, kwa sababu tumejiwekea gramu 2 tu. Meneja uzalishaji akaanza kutabasamu.

Halafu mwenzangu akatembea sakafuni. Mapokezi ya mahindi akakuta kipima unyevu kisicho na namba wala stika. Kimetoka kwa wenzetu wa tawi jingine, kiliazimwa Julai msimu ulipopamba moto, kikaja na dereva. Hakikununuliwa, hakikupita stoo.

Meneja anasema ni kasoro nyingine, hii ya zamani ifungwe. Mwenzangu hataki.

DadaMaabara · 19 Agosti

Namuunga mkono meneja, nashangaa mwenyewe. Hatua ilikuwa juu ya manunuzi na kwa manunuzi imefanya kazi, ushahidi upo. Funga hiyo, fungua ya vifaa vya kuazimwa, uziunganishe kwa namba.

MzeeRejista · 19 Agosti

Hapana. Kasoro ilikuwa kifaa kutumika bila kuingizwa kwenye udhibiti. Bado kinatumika bila kuingizwa kwenye udhibiti. Mlango wa stoo mmeufunga, wa geti uko wazi. Kifungu kiliwataka pia mtafute kama kuna kasoro zinazofanana mahali pengine. Mlitembea mapokezi mwezi Juni?

BintiKinu · 19 Agosti

Tulitembea, mzee. Wakati ule hakikuwepo.

Fomu bado iko wazi, na mwenzangu ameandika yote mawili, lililofaa na lisilofaa. Ila kuna jambo linaninyima raha kuliko fomu. Leo tumelinganisha kipima unyevu hicho na oveni ya maabara, sampuli tatu. Chenyewe kinasoma asilimia 13.1, oveni inatoa 14.2. Sisi kikomo cha kupokea ni 13.5. Mahindi ya Julai na Agosti yako silo namba 2, na mengine yameshasagwa.

DadaMaabara · 19 Agosti

Achana na fomu leo. Zuia silo namba 2, chukua sampuli juu, katikati na chini, zote kwenye oveni, na pima joto la mahindi yenyewe kwa kina. Yakiwa yameanza kupata moto, usisubiri majibu ya oveni, yahamishe yapate hewa. Na omba kipimo cha sumukuvu kabla kilo moja zaidi haijaingia kinuni.

MzeeRejista · 19 Agosti

Na tawi lililowaazima, wapigie simu sasa hivi. Kabla ya Julai kilikuwa kinapimia mahindi yao.